Siku Kumi na Tisa: Maji ya Dar es Salaam na Maana ya “Haki na Usawa”

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la usuluhishi kati ya wawekezaji na dola, huwapa wanafunzi wangu hukumu moja tu waisome yote, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni tuzo ya Julai 2008 katika shauri la kampuni ya Biwater Gauff dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Wakimaliza kuisoma huuliza swali lilelile: nani alishinda? Serikali ilitangaza kwamba imeshinda, kwa kuwa haikutozwa hata senti moja. Kampuni nayo ilitangaza kwamba imeshinda, kwa kuwa jopo lilitamka wazi kwamba Tanzania ilivunja mkataba wa kimataifa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na ndiyo maana naipenda hukumu hii kuliko zile za mabilioni zinazopigiwa kelele magazetini. Fidia inapokuwa kubwa, watu hubishana juu ya fedha. Fidia inapokuwa sifuri, tunalazimika kutazama kosa lenyewe.

Kosa hilo liliitwa kushindwa kumtendea mwekezaji kwa haki na usawa. Maneno haya matatu yamo katika maelfu ya mikataba ya kulinda vitega uchumi duniani, na ndiyo yanayotegemewa zaidi na wawekezaji wanapozishitaki serikali. Mkataba kati ya Uingereza na Tanzania uliotiwa saini mwaka 1994 unayo katika ibara yake ya pili. Ibara hiyo inaahidi kwamba vitega uchumi vya raia na makampuni ya kila upande vitatendewa kwa haki na usawa wakati wote. Haisemi haki ni nini, wala usawa na nani. Aliyeandika sentensi hiyo aliacha mlango wazi, na waliopita humo ni wasuluhishi watatu watatu, wanaoteuliwa kwa kila shauri, wasiofungwa kisheria na maamuzi ya wenzao lakini wanaoyanukuu kila kukicha kana kwamba wamefungwa nayo.

Kabla ya kuingia katika tafsiri, tukumbuke lililotokea, maana vijana wengi wanaosoma hapa walikuwa bado hawajazaliwa au walikuwa wachanga.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo wa maji wa Dar es Salaam ulikuwa hoi. Mabomba yalikuwa ya zamani, maji yaliyovuja na kuibwa yalikuwa mengi mno, na sisi wakazi tulikuwa wateja wa wauza maji wa mikokoteni na madumu kuliko tulivyokuwa wateja wa mamlaka ya maji. Benki ya Dunia pamoja na wakopeshaji wengine walikubali kutoa fedha za ukarabati, na sharti mojawapo lilikuwa kumkabidhi mwendeshaji binafsi huduma hiyo. Baada ya makampuni mengine kujitoa, zabuni iliyowasilishwa ilikuwa moja tu, ya Biwater ya Uingereza ikishirikiana na Gauff ya Ujerumani. Wawili hao waliunda kampuni iliyosajiliwa Uingereza, na kampuni hiyo ikaungana na mbia wa Kitanzania kuunda City Water. Februari 2003 City Water ilitia saini mkataba wa miaka 10 na DAWASA, na Agosti mwaka huo ikaanza kazi.

Ni muhimu kuelewa aina ya mkataba huo, kwa sababu hukumu yote imejengwa juu yake. Haukuwa mauzo. Mabomba, pampu na mitambo vilibaki mali ya DAWASA, na City Water ilikuwa mpangaji. Ingeendesha mitambo, ingetoza wateja ankara, ingebaki na sehemu yake ya makusanyo na kumlipa DAWASA sehemu iliyobaki, kama vile mpangaji wa fremu ya duka anavyomlipa mwenye nyumba kutokana na mauzo yake. Faida ya mpangaji ilitegemea jambo moja: kukusanya fedha nyingi kuliko gharama zake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zabuni ya kampuni ilikuwa imeandaliwa vibaya, bei ikiwa ya chini mno kulingana na hali halisi. Makusanyo hayakufikia matarajio. Mfumo wa ankara ulisuasua. Katikati ya mwaka 2004 City Water iliacha kumlipa DAWASA pango lake, huku ikidai bei ya maji ipandishwe na mkataba uangaliwe upya. Mazungumzo yalifanyika mapema mwaka 2005, kukiwa na mpatanishi, yakavunjika mwezi Mei. Jopo halikuuma maneno juu ya sehemu hii. Lilisema matatizo ya City Water yalitokana kwa kiasi kikubwa na City Water yenyewe, kwamba mkataba ulieleza ni lini na kwa vipi bei ingeweza kuangaliwa upya, na kwamba serikali haikuwa na wajibu wa kukubali mazungumzo ya kumwokoa mwekezaji aliyekosea hesabu zake. Kwa hiyo madai ya kampuni kwamba ilinyimwa haki na usawa katika suala la bei yalikataliwa.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu wanaharakati wenzangu mara nyingi hurukia mwisho wa hadithi. Kuna imani iliyoenea kwamba kifungu cha haki na usawa ni bima ya faida: mwekezaji akipata hasara, anakimbilia Washington na kurudi na hundi. Kama ingekuwa hivyo, City Water ingeshinda kirahisi, maana hasara ilikuwa dhahiri. Jopo lilikataa kabisa kugeuza mkataba wa kimataifa kuwa bima ya biashara mbaya. Lilitaja matarajio halali ya mwekezaji kuwa sehemu ya kiwango hicho, lakini likataka matarajio yawe yale aliyoyategemea mwekezaji alipoamua kuweka mtaji wake, na yawe ya busara. Mtu anayewasilisha zabuni ya bei ya chini ili ashinde, kisha akatarajia kwamba bei itapandishwa akishaingia, hana tarajio halali. Ana tumaini tu.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe. Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo wa wakati huo, hayati Edward Lowassa, aliitisha waandishi wa habari na kutangaza kwamba mkataba wa City Water umevunjwa. Tarehe 1 Juni serikali iliingia katika ofisi za kampuni, ikachukua uendeshaji, ikaikabidhi DAWASCO, shirika jipya la umma, na viongozi wakuu wa City Water wakafukuzwa nchini. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 19. Ndani yake kulikuwa pia na mkutano wa hadhara wa waziri, na kuondolewa kwa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani ambao kampuni ilikuwa nao.

Tatizo la kisheria linatokana na jambo ambalo wengi hulipita. DAWASA ilikuwa na haki ya kuvunja mkataba. Mpangaji alikuwa hajalipa pango kwa karibu mwaka mzima. Mkataba ulieleza njia: notisi, muda wa kurekebisha kasoro, kisha kuvunjika, na kama kuna ubishi, usuluhishi wa kibiashara kati ya City Water na DAWASA. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuanza. Kwa kuwa City Water haikuwa na fedha wala mpango wa kuzipata, mkataba ungekufa wenyewe wiki chache baadaye, bila waziri kufungua kinywa na bila askari kugonga mlango.

Jopo liliitenganisha mikono miwili ya dola. Mkono mmoja ni wa mwenye mkataba, ambaye hudai deni lake, huita dhamana ya utendaji benki na hutoa notisi kama mwenye nyumba yeyote angefanya. DAWASA ilipodai kulipwa ile dhamana ya utendaji, jopo liliona ni kitendo cha kimkataba, halikikuta na kosa chini ya sheria ya kimataifa hata kama City Water ilikuwa na ubishi nacho. Mkono wa pili ni wa mtawala. Mwenye nyumba wa kawaida hawezi kumfutia mpangaji wake msamaha wa kodi. Hawezi kumfukuza nchini. Hawezi kusimama mbele ya taifa zima na kulitangazia kwamba mpangaji amefukuzwa wakati notisi yake bado inahesabu siku. Mambo hayo yanawezekana tu kwa kutumia mamlaka ya kidola, na dola inapoyatumia ndani ya mgogoro ambao ni wake pia kama mdai, ndipo mkataba wa kimataifa unapoamka.

Kuhusu tamko la tarehe 13 Mei hoja ya jopo ni nyembamba kuliko inavyosimuliwa. Halikusema kwamba waziri alipaswa kunyamaza. Wananchi wa Dar es Salaam walikuwa na haki ya kujua hatima ya maji yao. Lilisema kwamba taarifa hiyo ilipaswa kubaki ndani ya kile kilichohitajika kuwajulisha, na kwamba kwa namna ilivyotolewa iliingilia mchakato wa mkataba uliokuwa ukiendelea, ikawachochea watu dhidi ya kampuni na kufanya isiwezekane tena kwa mchakato huo kwenda mwendo wake wa kawaida. Kilichovunja haki na usawa ni namna na wakati. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kwa maoni yangu huwezi kuelewa haraka ile bila kukumbuka hilo. Kampuni ya kigeni iliyoshindwa kutoa maji ilikuwa adui anayefaa kabisa kwa msimu wa kampeni.

Nimewahi kupingwa na mtumishi mmoja wa umma katika semina, mtu makini aliyefanya kazi serikalini miaka mingi. Alisema, “Mwalimu, mji ulikuwa hauna maji. Ulitaka serikali ikae ikisubiri notisi iishe?” Ni swali zuri, na Tanzania ililiuliza mbele ya jopo kwa lugha ya mawakili: huduma ya maji ilikuwa hatarini, hivyo hatua za haraka zilihitajika. Jopo halikushawishika. Halikuona hali ya dharura ya kiasi hicho iliyoanza ghafla tarehe 13 Mei. Tatizo la maji lilikuwa la miaka, na City Water, pamoja na udhaifu wake wote, ilikuwa bado inaendesha mitambo. Nami nilimjibu yule ndugu kwamba kama mitambo ingekuwa inazimwa na hifadhi ya dawa ya kutibu maji imekwisha, jibu lingeweza kuwa tofauti, lakini ushahidi wa namna hiyo hukusanywa siku hiyohiyo, huandikwa na kutiwa saini na mhandisi, wala hautafutwi miaka miwili baadaye wakili anapouomba.

Sasa, neno lenyewe “haki na usawa” lilipimwaje? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Kuna kambi mbili za zamani. Ya kwanza inaanzia mwaka 1926, katika shauri la Neer kati ya Marekani na Meksiko, lililohusu Mmarekani aliyeuawa huko Meksiko na madai kwamba serikali haikufanya bidii ya kutosha kuwasaka wauaji. Tume ya madai ilisema kwamba ili dola ilaumiwe, mwenendo wake lazima uwe wa aibu kubwa, wa nia mbaya, au upungufu ambao kila mtu mwenye akili timamu angeuona bila kuelezwa. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria za kimataifa za kimila, na ni kigumu sana kwa mwekezaji kukifikia. Kambi ya pili ina bendera yake katika shauri la Tecmed dhidi ya Meksiko la mwaka 2003, lililohusu jaa la taka za sumu karibu na mji wa Hermosillo. Jopo la huko lilitaka dola itende bila kigeugeu, bila utata na kwa uwazi kamili, ili mwekezaji ajue mapema kanuni zote zitakazomhusu. Wachambuzi wengi wamekicheka kiwango hicho, na sioni kosa katika kicheko chao. Hakuna serikali duniani, iwe London, Berlin au Dodoma, inayoweza kukifikia kwa wiki moja.

Jopo la Biwater lilifanya jambo la kuvutia. Lilisema kwamba maneno ya mkataba yanasimama yenyewe na yapewe maana yake ya kawaida, lakini papo hapo likasema kwamba maudhui yake hayatofautiani sana na yale ya kiwango cha chini cha sheria za kimila, kwa sababu sheria hizo nazo hazikubaki pale zilipokuwa mwaka 1926. Kisha likaorodhesha vipengele: kulinda matarajio halali, nia njema, uwazi, uthabiti, na kutobagua. Msomaji makini ataona ujanja uliopo. Ukisema kiwango kipya na cha zamani ni sawa, unaweza kumaanisha kwamba kipya kimeshushwa, au kwamba cha zamani kimepandishwa. Nadhani hapa cha zamani ndicho kilichopandishwa. Hakuna mtu wa mwaka 1926 ambaye angeona mkutano wa waziri na waandishi wa habari kuwa aibu ya kimataifa.

Pamoja na hayo, sina ugomvi mkubwa na uamuzi juu ya zile siku 19. Ukiniuliza kama kumfukuza nchini meneja wa kampuni unayodaiana nayo, wakati muda wa notisi yako haujaisha, ni kumtendea kwa haki na usawa, nitajibu hapana, na ningejibu hivyo kama meneja angekuwa Mtanzania aliyefukuzwa Leeds.

Ugomvi wangu uko mahali pengine, katika aya chache ambazo hazizungumzwi sana. Jopo liliona pia kwamba Tanzania ilivunja haki na usawa kwa kutoweka mdhibiti huru, asiyeingiliwa na siasa, wa kusimamia sekta ya maji. Sheria ya kuunda EWURA ilikuwa imepitishwa mwaka 2001, lakini chombo chenyewe hakikuanza kazi mpaka mwaka 2006, City Water ikiwa imekwisha kuondoka. Kwa kipindi chote cha mkataba, aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo ambayo mdhibiti angeyaamua alikuwa waziri.

Kama mwananchi, nilitaka mdhibiti huru kuliko City Water ilivyomtaka. Hata hivyo sikubaliani na njia iliyotumika kufika hapo. Kuchelewa kuanzisha taasisi si sawa na kumdhulumu mtu. Nchi maskini hupitisha sheria leo na kupata bajeti, majengo na watumishi miaka mitano baadaye, na hilo huwapata raia wake wote, tena zaidi ya mwekezaji. Kampuni ilipotia saini mwaka 2003 ilijua kabisa kwamba mdhibiti hayupo. Kama ilikuwa na ahadi mahususi ya tarehe fulani, basi ahadi hiyo idaiwe kama ahadi. Kwa kuifanya kuwa sehemu ya haki na usawa, jopo lilisogea hatua moja kuelekea lile shauri la jaa la taka, ambapo dola hupimwa kwa sura ya serikali isiyokuwepo popote. Ajabu ni kwamba aya hizo hazikubadilisha matokeo. Ndiyo hatari yake: maneno yasiyogharimu kitu katika shauri moja hunukuliwa katika shauri jingine ambako yanagharimu.

Turudi kwenye ile sifuri. Ilipatikanaje? Mashitaka haya hayaishii kwenye kosa. Mdai lazima aonyeshe kwamba kosa ndilo lililomletea hasara anayoidai. Jopo liliuliza swali la kibiashara tu: siku ile vitendo vya serikali vilipoanza, hisa za Biwater Gauff katika City Water zilikuwa na thamani gani? Tuchukue tena mfano wa fremu ya duka. Mpangaji ana deni la pango la karibu mwaka, anauza kwa hasara kila siku, na ameshika notisi ya kuondoka mkononi. Mwenye nyumba anakosa subira na kumtupia vitu nje kabla ya siku ya mwisho. Amekosea, hilo halina ubishi. Lakini kuna mtu yeyote wa Kariakoo ambaye angenunua upangaji huo jana yake? Hata kwa bure angeukataa, maana angerithi deni. Kwa hiyo kitendo cha mwenye nyumba kilikuwa dhuluma, na dhuluma hiyo haikumpunguzia mpangaji hata shilingi moja. Jopo likatamka kwamba Tanzania ilinyang’anya kitega uchumi kinyume cha mkataba, haikukitendea kwa haki na usawa, ilikifanyia mambo yasiyo ya busara na ilishindwa kukipa ulinzi kamili. Kisha likaagiza fidia isilipwe, kila upande ubebe gharama za mawakili wake, na gharama za usuluhishi zigawanywe nusu kwa nusu.

Msuluhishi mmoja kati ya watatu, Gary Born, aliandika maoni yake ya pembeni, nami huwataka wanafunzi wayasome kwa makini kuliko hukumu ya wengi. Alikubaliana na matokeo, akakataa njia. Kwake, si kweli kwamba vitendo vya serikali havikusababisha madhara. Kampuni ilikuwa na haki ya kubaki na mali yake mpaka siku ya mwisho ya notisi, na ikanyimwa haki hiyo. Hayo ni madhara, na yalisababishwa na serikali. Ila hayakuwa na bei inayoweza kuthibitishwa kwa fedha. Watu huona ni mchezo wa maneno. Mimi naona tofauti kubwa: kwa wengi wa jopo, dhuluma isiyo na bei haina mdhulumiwa, kwa Born, mdhulumiwa yupo, na tamko la kosa ni nafuu yake halisi.

Kwa wale wa asasi za kiraia, kuna jambo la kutosahau. Asasi tano, tatu kati yake zikiwa za Kitanzania, yaani LEAT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP, ziliomba kulisaidia jopo kwa hoja za maslahi ya umma, nalo mapema mwaka 2007 likaziruhusu kuwasilisha maandishi. Halikuziruhusu kuhudhuria vikao wala kuona nyaraka za wadaawa. Ziliandika juu ya jambo wasilokuwa wakililijua ndani yake, kama wakili aliyeitwa kutetea akiwa nje ya dirisha. Hata hivyo hoja yao kuu, kwamba mwekezaji anayeomba kutendewa haki katika huduma ya maji naye ana wajibu wa kufanya uchunguzi wake na kutimiza aliyoyaahidi kwa watu, inasikika ndani ya hukumu pale inapozungumzia zabuni mbovu. Na katika usuluhishi ule mwingine, wa kimkataba, ambao City Water iliufungua dhidi ya DAWASA, kampuni ilishindwa mwishoni mwa mwaka 2007 na kuamriwa kulipa yenyewe. Njia ya kawaida, ile iliyoonekana kuwa ndefu mno mwezi Mei 2005, ndiyo iliyoleta ushindi wa kweli.

Huenda mtu akasema kwamba yote haya ni ya zamani. Mwaka 2017 tulipitisha sheria za umiliki wa rasilimali na za kupitia upya masharti hasi ya mikataba, na mwaka huohuo marekebisho ya sheria ya madini yakafuta aina nzima ya leseni, zile za kuhodhi eneo. Januari 2018 kanuni zikafuata, na leseni ya Ntaka Hill, huko Nachingwea, ikafutika pamoja na nyingine. Wawekezaji wake walifungua shauri kwa kutumia mkataba uleule wa 1994 wa Uingereza na Tanzania. Tofauti na City Water, hawa hawakuwa na deni la pango wala notisi ya kuondoka; walikuwa na nikeli ardhini, ambayo mnunuzi yupo. Julai 2023 jopo liliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola za Marekani milioni 109, na mwaka uliofuata pande zote zikamaliza kwa makubaliano ya dola milioni 90.

Ibara ya pili ya mkataba huo bado inasomeka kama ilivyosomeka mwaka 1994. Nchi nyingi zimeanza kuandika upya kifungu cha namna hii, zikiorodhesha moja baada ya jingine mambo yatakayohesabika kuwa uvunjaji: kunyima haki mahakamani, ukiukaji mkubwa wa taratibu, ubaguzi wa makusudi, unyanyasaji. Kwa orodha kama hiyo, tarehe 1 Juni 2005 ingebaki kuwa kosa bila shaka, tarehe 13 Mei ingekuwa ya kubishaniwa, na zile aya za mdhibiti zisingeandikwa kamwe.